Sura Moja ya Kabaka: Picha ya Mutesa ya Mwaka 1875 na Njia za Kuithibitisha

Kabaka Mutesa wa Kwanza alitawala Buganda tangu mwishoni mwa mwaka 1856 hadi alipofariki Oktoba 1884. Katika miaka hiyo wageni wengi walimwona kwa macho yao. Speke na Grant walikaa kwake mwaka 1862, Chaillé-Long alifika mwaka 1874, Henry Morton Stanley na Ernest Linant de Bellefonds wakakutana barazani kwake Aprili 1875, na kuanzia mwaka 1877 wamisheni wa Kianglikana wakaishi karibu na ikulu yake. Karibu wote waliandika kuhusu sura yake, na baadhi walimchora. Lakini picha ya kamera inayojulikana kubaki ni moja tu. Ilipigwa na Stanley mwaka 1875, na inamwonyesha kabaka akiwa pamoja na wakuu wake. Hifadhi ya nyaraka za Stanley imo katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji.

Picha ikiwa moja tu, mtafiti hana nyingine ya kuilinganisha nayo. Palipo na picha kumi za mtu mmoja, kosa la moja husahihishwa na zile tisa. Hapa kila swali hujibiwa kwa ushahidi ulio nje ya picha yenyewe: shajara, barua, vitabu, orodha za vyeo, na namna karatasi ilivyotengenezwa. Maswali makuu ni mawili, nayo hayafai kuchanganywa. La kwanza ni lini picha ilipigwa. La pili ni nani aliyemo. Jibu la kwanza likipatikana, kazi ya pili huwa nyepesi, kwa sababu tarehe huwaondoa watu wengi wasioweza kuwamo.

Kabla ya yote mtafiti hujua ni kitu gani alicho nacho mkononi. Wengi waliowahi kuiona sura ya Mutesa hawajaiona picha ya Stanley. Wameona mchongo. Stanley alitoa kitabu cha safari yake mwaka 1878, juzuu mbili, na wakati huo mitambo ya uchapaji haikuweza kuchapa picha ya kamera moja kwa moja kwenye ukurasa wenye maandishi. Fundi alichukua picha, akaihamishia kwenye kipande cha mbao, akachonga mistari, na mistari hiyo ndiyo iliyopakwa wino. Chini ya mchongo kukaandikwa kwamba umetokana na picha aliyoipiga Stanley mwenyewe. Baadaye vitabu vingine vilinakili mchongo, wachoraji wakanakili vitabu, na wapigapicha wakapiga picha za michoro. Kila hatua kitu fulani kilipotea na kingine kikaongezwa.

Lenzi ndogo ya kukuza mara kumi inatosha kutenganisha tabaka hizi. Ikiwekwa juu ya mchongo wa mbao, kivuli cha shavu huonekana kuwa mistari mingi myembamba iliyokaribiana. Ikiwekwa juu ya picha iliyochapwa kwa mtambo wa baadaye, ulioenea baada ya miaka ya 1880, kivuli hicho huonekana kuwa nukta nyingi zilizopangwa kama nafaka kwenye ungo. Ikiwekwa juu ya nakala halisi ya picha ya wakati huo, iliyosafishwa kwenye karatasi yenye ute wa yai, hakuna mistari wala nukta. Weusi huyeyuka polepole kuelekea weupe. Nukta hazimaanishi kwamba sura ni ya uongo. Zinamaanisha tu kwamba karatasi iliyo mkononi ni nakala ya baadaye, na kwamba safari ya kuitafuta asili bado haijaisha.

Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa suala la utambulisho. Fundi aliyechonga Mutesa huko London hakuwahi kumwona. Palipokuwa na ukungu kwenye picha, kwa sababu mtu alitikisika au mwanga ulikuwa mkali, fundi alilazimika kuamua pua iishie wapi na jicho litazame wapi. Kwa hiyo kupima umbali kati ya macho kwenye mchongo, au kulinganisha kidevu chake na cha picha nyingine, ni kupima mkono wa fundi. Ndivyo ilivyo pia kwa michoro iliyomo katika kitabu cha Speke cha mwaka 1863. Michoro mingi ya kitabu hicho ilimaliziwa Ulaya na msanii Zwecker, aliyefuata maelezo na michoro ya wasafiri. Inasaidia kuelewa mandhari ya baraza na mavazi, lakini haiwezi kuwa shahidi wa uso.

Sasa tarehe. Njia ya kuaminika ni kuanza na mipaka mipana isiyo na shaka, kisha kuibana. Mpaka wa juu ni kitabu cha 1878, kwa kuwa picha haiwezi kuwa changa kuliko mchongo uliotokana nayo. Mpaka wa chini ni siku ambayo mpigapicha na kabaka walikutana kwa mara ya kwanza. Stanley aliondoka Kagehyi, kusini mwa Ziwa Viktoria, tarehe 8 Machi 1875 kwa mashua yake iliyoitwa Lady Alice, akiwa na mabaharia wachache, na akapokewa na Mutesa huko Usavara tarehe 5 Aprili. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kumwona. Na kufikia Januari 1876 alikuwa ameshafika mbali magharibi, ukingoni mwa maji aliyoyaita Ghuba ya Beatrice, na hakurudi tena kwa Mutesa katika safari ile. Kwa hatua hizi mbili rahisi, mwanya wa miaka ishirini na minane ya utawala umebanwa ukawa miezi isiyofika tisa.

Ndani ya miezi hiyo Stanley hakuwa na kabaka muda wote. Alikaa naye vipindi viwili. Cha kwanza ni cha Aprili, siku chache tu, kwanza Usavara kando ya ziwa na kisha mji mkuu wa Rubaga. Halafu alivuka ziwa kurudi Kagehyi, akafika mwanzoni mwa Mei na kumkuta kijana Frederick Barker ameshafariki. Kipindi cha pili kilianza Agosti, alipowasili tena Buganda, safari hii baada ya kuuvusha msafara wake, na kumkuta Mutesa karibu na maporomoko ya Ripon huko Jinja, katika vita dhidi ya watu wa visiwa vya Buvuma. Vita hivyo viliendelea hadi Oktoba. Kwa hiyo picha ni ya Aprili, au ni ya Agosti hadi Oktoba na majuma yaliyofuata. Katikati hapo haiwezekani.

Kuchagua kati ya vipindi viwili ndipo kazi inapokuwa ngumu, na ndipo wengi huteleza kwa kupenda jibu lililonyooka. Kuna hoja mbili zinazoelekea upande mmoja. Ya kwanza ni mizigo. Aprili Stanley alikuja kwa mashua ndogo, na sehemu kubwa ya shehena yake ilibaki Kagehyi chini ya uangalizi wa Frank Pocock na Barker. Kufikia Agosti shehena ilikuwa imeshavushwa hadi Buganda. Kamera ya wakati ule haikuwa ya kutiwa mfukoni: ilikuwa sanduku, miguu mitatu, mabamba ya vioo na chupa za dawa. Hoja ya pili ni watu waliomo. Maelezo yaliyo chini ya mchongo yanawataja, pamoja na kabaka, Sekebobo mkuu wa Chagwe, Chambarango, na Pokino ambaye Stanley anamwita waziri mkuu. Wakuu hawa wanatokea kwa wingi katika sura za kitabu zinazosimulia vita vya Buvuma, ambako wanaongoza majeshi na kutoa shauri mbele ya kabaka.

Hoja hizo zinaelemea kipindi cha pili, lakini hazikifungi cha kwanza. Mashua iliyobeba watu kumi na zaidi ingeweza kubeba na sanduku moja. Wakuu waliokuwa vitani Septemba walikuwa barazani Aprili vilevile. Ushahidi wa kufunga kesi ni wa aina nyingine: ingizo la shajara la siku ile, au namba iliyoandikwa kwenye bamba la kioo, au barua inayotaja kwamba kabaka amepigwa picha. Shajara za Stanley za safari hii zilichapishwa mwaka 1961, na husomwa sambamba na kitabu kwa sababu Stanley alipoandika kitabu alipanga upya na kunenepesha mengi. Palipo na tofauti, shajara iliyoandikwa usiku uleule hupewa uzito kuliko kitabu kilichoandikwa zaidi ya miaka miwili baadaye kwa ajili ya wanunuzi. Mwandishi wa maelezo ya picha asiyekuwa na ingizo la namna hiyo mkononi aandike 1875, na aishie hapo. Kuandika “Aprili 1875” kwa sababu ndiyo tarehe maarufu ya mkutano wao ni kuongeza uhakika usiokuwapo, na kosa la namna hii likishaingia kitabuni hunakiliwa kwa miaka mia.

Majina yaliyo chini ya mchongo yanastahili kukaliwa zaidi, maana ndani yake kuna mtego ambao mtu asiyejua Buganda hauoni. Sekebobo na Pokino si majina ya watu. Ni vyeo. Sekibobo ni mkuu wa Kyaggwe, hiyo Chagwe ya Stanley, na Pokino ni mkuu wa Buddu. Anayeshika cheo huitwa kwa cheo, na akiondolewa, anayefuata huitwa vilevile. Anayetafuta “Bwana Sekebobo” katika nyaraka za mwaka 1862 atampata, na atampata tena katika nyaraka za 1890, na akiwachukua kuwa mtu mmoja atajenga maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuishi. Waziri mkuu kwa Kiganda ni Katikiro. Stanley kumwita Pokino waziri mkuu ni ishara kwamba hapa mgeni alikuwa akitafsiri madaraka ya nchi nyingine kwa maneno ya kwao, na kwamba maelezo yake ya vyeo yahakikiwe kwa mashahidi wa Buganda wenyewe.

Shahidi wa namna hiyo yupo. Apolo Kagwa, aliyelelewa katika utumishi wa ikulu na baadaye akawa Katikiro, aliandika kwa Kiganda kitabu cha historia ya wafalme, Basekabaka be Buganda, kilichotoka mwaka 1901. Kwa kila kabaka Kagwa ameorodhesha walioshika vyeo vikuu, mmoja baada ya mwingine. Orodha kama hiyo hufanya kazi kwa pande mbili. Ukijua mwaka, unaweza kutafuta ni nani aliyekuwa Sekibobo na hivyo kumpa jina lake mtu aliyesimama pembeni mwa kabaka. Na ukiweza kumtambua mtu huyo kwa njia nyingine, muda wa kushika cheo chake unakuwa kipimo cha tarehe ya picha. Udhaifu wake ni kwamba inafuata mpangilio wa kupokezana, wala haitoi mwaka kwa kila badiliko, kwa hiyo huhitaji kusomwa pamoja na shajara za wageni waliowataja wakuu hao kwa siku maalumu.

Sasa ni nani aliyesimama pale katikati? Ushahidi mzito kuliko wote si sura. Ni mnyororo wa watu waliomjua. Mpigapicha alimjua Mutesa ana kwa ana, alizungumza naye kwa siku nyingi, na yeye mwenyewe ndiye aliyetoa jina lililochapwa chini ya picha, miaka mitatu tu baada ya kuipiga. Hakuna mkono wa tatu katikati. Stanley alikuwa na sababu zake za kumkweza Mutesa mbele ya wasomaji wa Uingereza, na ndiyo maana alimwita mfalme mkuu na kumpamba kwa sifa. Sifa hizo zinastahili kutiliwa shaka. Lakini haja ya kumkweza Mutesa haimpi mtu sababu ya kuonyesha picha ya mwingine wakati anayo ya Mutesa mwenyewe.

Kisha kuna mashahidi ambao hawakumtegemea Stanley. Kitabu kilitoka 1878, na kabaka aliishi hadi 1884. Katika miaka hiyo sita wamisheni kama Alexander Mackay, aliyefika Buganda Novemba 1878, walimwona mara kwa mara, na wengine wao walikuwa wepesi kumkosoa Stanley kwa jinsi alivyoipamba nchi ile. Picha iliyotolewa wakati mhusika yu hai, mbele ya watu wanaomjua na wasiompenda mpigapicha, imepita jaribio ambalo picha iliyozuka miaka hamsini baada ya mazishi haiwezi kulipita. Ni kweli kwamba ukimya wa mashahidi si ushahidi mkubwa. Mtu anaweza kuona kosa akalipuuza. Hata hivyo ukimya wa watu wenye sababu ya kusema una uzito kuliko ukimya wa wasiojali.

Mavazi huja baada ya hayo, na yana kikomo chake. Stanley aliandika kwamba siku ya kwanza alimkuta kabaka mrefu, mwembamba, mwenye macho makubwa, amevaa tarbushi, joho jeusi, na kanzu nyeupe iliyofungwa mshipi wa dhahabu. Maelezo hayo humsaidia mtazamaji kumtafuta mfalme ndani ya kundi. Lakini Mutesa alikuwa ameyapokea mavazi ya pwani muda mrefu, tangu wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipopata nafasi barazani kwake, na wakuu wake walimwiga. Tarbushi na kanzu mwaka 1875 zinathibitisha kwamba aliyevaa ni mtu wa ikulu. Hazithibitishi kwamba ni kabaka. Picha ya mtu mmoja aliyevaa hivyo, isiyo na maelezo wala historia ya mikono iliyopitia, ingeweza kuwa ya mkuu yeyote wa enzi ile.

Ushahidi unaovutia kuliko wote ndio dhaifu kuliko wote: ule wa watu kuitazama picha na kusema, ndiye. Wajukuu huona pua ya ukoo. Wazee husema ndivyo alivyokuwa. Katika suala la Mutesa, sura iliyo akilini mwa vizazi vilivyofuata imetoka kwenye mchongo wa 1878 na nakala zake. Anayeulizwa leo kama picha inafanana na Mutesa huilinganisha na picha ileile. Huo ni mduara, na mduara hauthibitishi chochote hata ukizungushwa mara elfu. Kumbukumbu ya mdomo ina thamani yake pale inapobeba jambo ambalo kitabu hakikubeba, kama vile alama mwilini, ulemavu, au nani alisimama wapi siku ile.

Mikanganyiko mingine hutokana na jina tu. Mutesa ni wawili: wa kwanza huyu, na Edward Mutesa wa Pili, aliyezaliwa 1924, akawa rais wa kwanza wa Uganda na kufariki London mwaka 1969. Katika makabati ya hifadhi bahasha iliyoandikwa “Mfalme Mutesa” inaweza kuwa na yeyote kati yao, ingawa hapa karatasi yenyewe humaliza ubishi kwa haraka. Hatari zaidi ni bahasha iliyoandikwa “Mfalme wa Uganda” bila jina. Mwanga, mwana wa Mutesa, alimrithi mwaka 1884, na kuanzia hapo kamera ziliongezeka sana. Picha yoyote ya kabaka iliyopigwa baada ya Oktoba 1884 si ya Mutesa wa Kwanza, hata mwandishi wa maelezo awe nani.

Kipimo hiki cha tarehe ya kifo hufaa hata nje ya Buganda, na faida yake ni kubwa zaidi Ukambani, nchini Kenya. Mtu mashuhuri kuliko wote wa Kitui katika karne ya kumi na tisa ni Kivoi wa Mwendwa, mkuu wa misafara ya pembe kati ya bara na pwani. Ndiye aliyemkaribisha mmisheni Ludwig Krapf, na ni kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf aliuona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 karibu na mto Tana, safarini pamoja na Krapf huyohuyo. Krapf alimweleza kwa maneno.

Picha ikitokea leo ikiwa na jina la Kivoi, hatua zilezile za Mutesa hutumika, na hukumu hutoka mapema sana. Mwaka 1851 picha ya kamera ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tangu kutangazwa Ulaya. Ilikuwa ama bamba la shaba lililopakwa fedha, ambalo halina nakala, ama karatasi ya aina za mwanzo. Nahodha Mfaransa Guillain alileta kifaa cha mabamba hayo pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, lakini kazi yake ilikuwa ya bandarini. Picha ya karatasi laini ya ute wa yai iliyobandikwa kwenye kadi, inayomwonyesha mzee wa Kikamba mwenye mikufu ya shaba na shanga, ni ya miongo iliyofuata. Aliyemo humo ni mtu halisi, mwenye ukoo na pengine wajukuu walio hai Kitui au Makueni, na jina la Kivoi likibandikwa juu yake linamnyang'anya jina lake mwenyewe.

Kwa hiyo mwenye picha ya namna hiyo nyumbani asiikate wala kuibandika upya kwenye fremu kabla ya kuigeuza. Nyuma ndiko kuliko na muhuri wa studio, mwandiko wa kwanza, namba, na wakati mwingine tarehe. Nyuma hiyo ipigwe picha kama mbele ilivyopigwa, na maneno ya mzee anayesema ni nani yaandikwe pamoja na jina la mzee huyo, siku aliyosema, na jinsi alivyojua.